Maoni ya wasilisho: mpango mmoja wa marekebisho

Habari zenu wote. Maoni ya wasomaji wanne nimeyaweka kwenye jedwali moja: namba ya slaidi, nani kasema, anataka nini, uamuzi. Mengi ni ya tahajia, hayo nimeshayapitisha. Mgongano uko slaidi ya 6: mhasibu anataka bajeti nzima, mkurugenzi anataka jumla tu. Tusigawane nusu kwa nusu, maana mistari 14 ikibanwa haisomeki ukutani. Wafadhili wanaidhinisha jumla, kwa hiyo jumla inabaki slaidi ya 6 na mchanganuo unahamia kiambatisho, mhasibu aufungue wakiuliza. Mwenye pingamizi aniandikie kabla ya saa kumi jioni, ataje slaidi na sababu. Baada ya hapo nahariri toleo la 3 peke yangu. Tafadhali msirekebishe nakala zenu za zamani.