Nyongeza ya mshahara isiyohesabiwa katika kiinua mgongo cha mkataba

Ndugu Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mfanyakazi wa mradi hapa Chake Chake, Pemba, niliyeajiriwa kwa mkataba wa miaka 2 ulioanza Julai 2023 na kumalizika Juni 2025. Naomba ushauri kuhusu kiinua mgongo cha kumaliza mkataba. Sizungumzii mafao ya ZSSF, ambayo yana utaratibu wake, bali malipo ambayo mwajiri mwenyewe aliahidi katika mkataba.

Kifungu chenyewe kinasema kwamba mfanyakazi akimaliza mkataba atalipwa asilimia 25 ya mshahara wa msingi alioupata katika kipindi chote cha mkataba. Baadhi ya wenzangu wanadai kwamba nizidishe mshahara wangu wa mwisho kwa miezi 24, na wengine wanataka hata posho ya nyumba na ya usafiri zihesabiwe. Sikubaliani nao. Maneno "alioupata katika kipindi chote" yanataka tujumlishe kilicholipwa mwezi kwa mwezi, na maneno "mshahara wa msingi" yanaziacha posho nje. Kwa sababu hiyo hiyo sidai chochote kwa miezi mitatu ya Oktoba hadi Disemba 2024, nilipochukua likizo bila malipo kumuuguza mama yangu Wete, kwani katika miezi hiyo sikupata mshahara.

Mgogoro wangu umo katika nyongeza. Nilianza kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Mwaka wa pili ulipoanza nilipewa barua, yenye saini ya mkuu wa ofisi, inayosema kwamba "mshahara wako wa msingi sasa utakuwa shilingi 920,000". Lakini katika salari slipi mstari wa mshahara wa msingi uliendelea kusomeka 800,000, na zile 120,000 zikawekwa chini kabisa, pamoja na posho, kwa jina la "nyongeza". Kwa kuwa fedha niliyopokea mkononi ilikuwa sahihi, hapakuwa na aliyeutilia maanani mstari huo, hadi ulipofika wakati wa kukokotoa kiinua mgongo.

Afisa utumishi amechukua miezi 21 niliyolipwa, akaizidisha kwa 800,000, akapata 16,800,000, na asilimia 25 yake ni shilingi 4,200,000. Mimi, nikiifuata barua, napata miezi 12 kwa 800,000, yaani 9,600,000, na miezi 9 ya mwaka wa pili kwa 920,000, yaani 8,280,000. Jumla ni 17,880,000, na robo yake ni 4,470,000. Tofauti ni shilingi 270,000, kabla ya kodi. Nilipomwonyesha barua alinijibu kwa adabu, lakini akashikilia kwamba yeye huandaa malipo kwa kufuata orodha ya mishahara iliyomo katika kompyuta na si kwa kufuata majalada.

Lau ingekuwa ni hizo 270,000 tu, pengine ningesamehe. Hata hivyo nimeletewa rasimu ya mkataba mpya wa miaka 2, nayo inaandika mshahara wa msingi 800,000 na "nyongeza" 120,000 kando. Nikiusaini kama ulivyo, kila mwezi kuna shilingi 30,000 za kiinua mgongo zitakazopotea, na kwa miezi 24 hizo ni 720,000, ingawa mshahara wa mkononi utabaki ule ule. Naamini wapo wenzangu waliomo katika hali hii ambao hawajawahi kuulinganisha mstari huo na barua zao.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni fomu ninayotakiwa kuisaini kabla ya hundi kutolewa, inayosema kwamba nimelipwa haki zangu zote za mkataba uliomalizika na sina dai lolote tena. Fedha naihitaji, kwani dawa za mama hazisubiri, lakini sitaki kuandika kwamba sina dai ilhali ninalo.

Kwa hiyo naomba unieleze: je, naweza kuipokea hundi ya 4,200,000 huku nikiandika juu ya fomu hiyo hiyo kwamba nimepokea sehemu tu na bado nadai 270,000, au maandishi hayo hayatakuwa na nguvu? Kati ya barua iliyosainiwa na salari slipi, ni ipi inayopewa uzito zaidi shauri likifika Kamisheni ya Kazi? Na je, taarifa ya michango yangu ya ZSSF, nikiiomba, inaweza kusaidia kuonyesha ni mshahara gani mwajiri aliutambua mwaka wa pili? Mkataba mpya sijausaini, na nimeomba kwa maandishi mshahara wa msingi urekebishwe kwanza uwe 920,000, lakini ningependa kujua kama kuchelewa huku kunaweza kutumiwa kusema kwamba nimeikataa kazi.

Wako,
Mfanyakazi wa mkataba,
Chake Chake, Pemba