Lengo la tawi limegeuka bilioni 16? Tatizo liko kwenye kuunganisha

Wateja wetu wengi wa maduka hapa Dar huja na mafaili mawili. La kwanza ni la mauzo, kila risiti na mstari wake. La pili ni la malengo, mstari mmoja kwa kila tawi kwa kila mwezi. Wanataka kuona yote mawili kwenye ripoti moja ya Tableau, na hapo ndipo hesabu zinapoharibika.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi Kariakoo, Mbagala na Tegeta. Malengo ya Machi ni milioni 40, 25 na 15, jumla milioni 80. Kariakoo imetoa risiti 412 mwezi huo. Ukiunganisha mafaili kwa join ya kawaida, ile milioni 40 inaandikwa kando ya kila risiti, na ukijumlisha unapata zaidi ya bilioni 16. Wapo wanaokwepa kwa kutumia wastani badala ya jumla. Kwa tawi moja jibu litakuwa sahihi, lakini mstari wa jumla ya matawi utadanganya.

Dawa ni blend. Hapo Tableau hujumlisha kila faili kivyake kwanza, ndipo inalinganisha matokeo. Faili ambalo sehemu yake unaiburuta kwanza kwenye karatasi ndilo kuu, lina alama ya buluu. La pili lina alama ya rangi ya chungwa. Mistari ya faili kuu hubaki yote, ya faili la pili isiyo na mwenzake hudondoka kimyakimya.

Tuseme Tegeta ilifungwa Machi nzima kwa ukarabati. Mauzo yakiwa kuu, Tegeta inapotea na lengo linasomeka milioni 65. Kwa hiyo weka malengo yawe kuu. Kisha nenda `Data > Edit Blend Relationships`, chagua `Custom`, unganisha tawi kwa tawi, na tarehe kwa mwezi na mwaka, si kwa siku. Hakikisha alama ya mnyororo imewaka kwenye sehemu zote mbili. Ukiwasha ya tawi peke yake, kila mwezi utaonyesha mauzo yaleyale ya kipindi chote.

Asilimia ya lengo iandike hivi, ili Tegeta isome sifuri badala ya kuwa tupu:

```
ZN(SUM([Mauzo].[Kiasi])) / SUM([Lengo])
```

Na kama Kigamboni imeanza kuuza kabla ya kupangiwa lengo? Sasa yenyewe ndiyo itakayodondoka. Iongezee mstari wenye lengo 0 kwenye faili la malengo. “K/Koo” na “Kariakoo” nazo Tableau inaziona ni matawi mawili, basi zisawazishe huko huko kwenye Excel.

Kabla ya kumtumia bosi ripoti, fungua karatasi mbili tupu, jumlisha kila faili peke yake, ulinganishe na jumla za kwenye blend. Mauzo yakipungua, kuna tawi au mwezi uliokosa mwenzake. Ukiona nyota `*` mahali pa jina, mstari mmoja wa faili kuu umekutana na majina mengi kwenye faili la pili.

Mafaili yakikushinda, tuletee yote mawili jinsi yalivyo, usiyaunganishe kwanza.