Slabu imechelewa siku 9: taarifa utakayoipata kwetu, na kwa nini mirunda haitoki mapema

Lalamiko tunaloletewa kila masika ni lilelile: "Fundi aliniambia wiki ijayo, wiki ijayo ikafika akaniambia kesho, mwisho akazima simu." Wengi wanaotuletea saiti katikati ya ujenzi wameshapitia hayo. Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi sisi tunavyomwambia mteja kwamba kazi imechelewa, ili ujue cha kudai, na pia ujue ni ombi gani lako tutalikataa hata ukikasirika.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja. Ratiba inasema slabu imwagwe tarehe 11 Aprili, nyumba iwe imepauliwa tarehe 6 Juni. Kufika tarehe 7 Aprili mvua imesimamisha kazi ya kufunga mbao za kumwagia slabu kwa siku 4, na nondo za milimita 12 ziliagizwa kwa kuchelewa, kwa hiyo hizo zimeongeza siku 5. Slabu sasa ni tarehe 20.

Mteja anaambiwa siku hiyohiyo ya tarehe 7, kwa simu kwanza, kisha kwa maandishi. Kusubiri tarehe 11 ni kumwibia siku nne ambazo angezitumia kupanga mambo yake. Tofauti pekee ni pale tarehe mpya inapokuwa bado haijajulikana: hapo tunaomba siku moja, tunapiga hesabu na muuza nondo na msimamizi wa saiti, tunarudi na tarehe. Kumpa mteja tarehe ya kubahatisha ni vibaya kuliko kumwomba siku moja, kwa sababu tarehe ikiteleza mara ya pili hatakuamini hata ukisema kweli.

Maandishi yenyewe yanakuwa hivi:

"Habari za leo mama. Kama tulivyoongea kwenye simu, slabu iliyokuwa imwagwe tarehe 11 Aprili itamwagwa tarehe 20 Aprili. Tumechelewa siku 9. Siku 4 ni za mvua, zimeandikwa kwenye daftari la saiti na picha zake tumekutumia. Siku 5 ni zetu, nondo za milimita 12 tuliziagiza kwa kuchelewa. Nyumba itapauliwa tarehe 10 Juni badala ya tarehe 6. Fundi wako wa umeme, aliyekuwa aanze chini tarehe 2 Mei, aje tarehe 11 Mei. Siku 5 zetu tunazirudisha kwa gharama yetu, mpango uko hapa chini. Tunakuomba uchague rangi ya mabati kabla ya tarehe 30 Aprili. Mvua ikizuia kumwaga tarehe 20, tutakupigia siku hiyo kabla ya saa 4 asubuhi. Taarifa nyingine utaipata Ijumaa."

Tarehe ya zamani na mpya zinakaa mwanzoni, kwa sababu ndicho anachokitafuta mteja kabla hajasoma kingine. Sababu zinagawanywa. Ukiandika "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu" umeficha zile siku 5, na mteja akija saiti akamuuliza kibarua ataambiwa nondo zilichelewa. Kuna pia mambo ya mteja mwenyewe yanayoguswa: fundi wake wa umeme, kodi ya nyumba anayopanga, likizo aliyoomba ili aje kusimamia. Haya ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo humgharimu. Maneno kama "karibu tunamaliza" na "hivi karibuni" hatuyatumii, hayana tarehe ndani yake.

Mpango wa kurudisha siku 5 unatoka sehemu mbili. Kuta za juu tulizipangia siku 18 kwa timu moja ya waashi. Tunaleta timu ya pili, kila moja inashika upande wake, kazi inakuwa siku 15. Hazipungui hadi 9 kama watu wanavyodhani, kwani kona lazima zikutane kozi kwa kozi, na winchi ya kupandishia matofali ni moja. Hapo tumepata siku 3. Siku 2 nyingine zinapatikana kwa kununua mbao na mabati mapema, kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zikapigwa chini wakati kuta zinapanda, badala ya kusubiri bimu ya juu ikamilike ndipo seremala aitwe. Ndiyo maana tunakuomba rangi ya mabati mapema. Ukichelewa kuchagua, siku hizo 2 zinapotea.

Sasa tufike kwenye ombi. Karibu kila mteja akisoma taarifa hii anasema: "Si mtoe mirunda mapema, watu wa plasta waingie chini?" Hapana. Zege tunalimwagilia maji siku 7 mfululizo, na mirunda, yaani nguzo zinazoishikilia slabu kwa chini mpaka zege likomae, inakaa siku 21. Slabu ya tarehe 20 Aprili mirunda yake inatoka tarehe 11 Mei, na ndiyo maana umeme wa chini umesogea hadi siku hiyo.

Zege la siku 7 kwa kawaida limefikia kama theluthi mbili ya nguvu linayotakiwa kuwa nayo siku ya 28, na saruji ya kawaida ya dukani yenye mchanganyiko wa majivu ya volkano inakwenda polepole zaidi. Wakati huohuo kuta za juu zinajengwa. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu lina uzito wa karibu kilo 30. Vibarua wakipanga matofali 200 katikati ya chumba, umeweka tani 6 mahali pamoja. Ukiondoa mirunda hapo, slabu inabonyea. Utaona nyufa nyembamba chini, katikati ya chumba, ukivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta utaona tumbo. Slabu iliyobonyea hairudi. Kinachobaki ni kuificha kwa plasta nene, ambayo nayo ni uzito na itabanduka, au kujenga bimu ya kuibeba, ambayo bei yake ni kubwa kuliko kodi ya mwezi uliyokuwa unaikimbia. Kukodi mirunda siku za ziada ni pesa ndogo mno ukilinganisha.

Vilevile kuna dawa za kukausha zege haraka. Zile zenye kloraidi hatuziweki kwenye zege lenye nondo, zinaozesha nondo kutoka ndani, na hilo huonekana miaka baadaye zege linapoanza kupasuka na kutoa kutu.

Kuhusu bei, mteja huuliza kwa nini hatupunguzi chochote kwa siku 4 za mvua. Mkataba unatupa nyongeza ya muda kwa mvua iliyoandikwa kwenye daftari, lakini hautupi nyongeza ya pesa, na mlinzi tunamlipa siku zote hizo. Ukitaka nazo zirudi, inawezekana kwa kazi ya Jumapili na ya jioni, kwa malipo utakayoyaona kwa maandishi kabla hatujaanza. Timu ya pili ya waashi huilipii. Na awamu ya malipo ya kupaua inasogea pamoja na kazi: haidaiwi kwa tarehe ya zamani.