Kuhusu ufunguo wa simu uliotaka kumpa mpwa wako

Shoga yangu wa Hamburg, salama? Ujumbe wako nimeupata jana usiku nikiwa nimechoka hata macho hayafunguki, ndo maana sikujibu pale pale, nikasema kesho nikae niandike vizuri maana hili jambo ukilijibu kwa mstari mmoja utamponza mtu. Umeniuliza kama mpwa wako ukimpa ufunguo wa gari kwenye simu yake wiki hizo mbili utakazokuwa Mombasa, ukirudi utakuwa umeisha wenyewe. Hauishi shoga. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo hivyo.

Unajua Disemba iliyopita nilienda nyumbani wiki tatu nikamwachia mdogo wangu gari hapa Munich. Gari letu ni lile lile kama lako, BMW, na ufunguo unakaa kwenye Wallet ya aifoni. Unaifungua Wallet, unagusa picha ya ufunguo wa gari, unabonyeza alama ya kushea, halafu inakuuliza unampa ruhusa gani, kufungua na kuendesha ama pungufu ya hapo. Mimi nilikaa natafuta pale pa kuandika tarehe ya mwisho, nikatafuta weee, hamna. Zipo gari zingine unaweka muda, Hyundai walipotangaza ufunguo wao wa simu 2019 walisema mwenye gari anaweza kupanga siku na vitu gani mtu atumie, lakini huu wetu ukishampa mtu ni wake mpaka siku utakayoufuta kwa mkono wako. Kwa hiyo hiyo "wiki mbili" ni ya kichwani mwako tu, gari haliijui. Weka alamu kwenye kalenda sasa hivi kabla hujasahau.

Kabla hujatuma, ile sehemu ya kudai namba ya kufungulia iwashe. Linki mtumie kwa wasap, namba mpigie simu umtajie kwa mdomo, usiziweke mahali pamoja. Simu za vijana unazijua, anaazimwa na rafiki, anamtumia mwenzake picha ya skrini, huwezi jua. Akishaupokea, huo wake hawezi kumgawia mtu mwingine, wewe mwenye gari peke yako ndo unagawa, hapo waliweka sawa. Na simu yake isiwe kuukuu sana, aifoni ianzie XR au XS.

Sasa sikia jambo lililonishangaza. Mdogo wangu gari lilikuwa chini kabisa, pakingi ya ghorofa ya tatu chini ya ardhi ambako hata simu haipigiki, na mimi nilimtumia ufunguo nikiwa Mombasa kwa mamangu. Nikasema hapa haliwezi kufunguka, gari litajuaje? Likafunguka! Simu yangu wakati wa kumpa ilitia sahihi kwenye ufunguo wake, yeye anapoigusisha simu kwenye gari mara ya kwanza gari linaisoma ile sahihi, linaijua ni yangu, basi linamkubali bila kuuliza mtandao. Mtandao unatakiwa wakati wa kugawa tu, na wakati wa kunyang'anya. Katikati hata bando likiisha anaendesha kama kawaida.

Lakini siku ya pili, akiwa amepaki juu barabarani, alinipigia kwa simu ya rafiki yake ana hasira, anasema mlango umefunguka lakini gari haliwaki. Nikamwambia washa video nione. Ameilaza simu yake vizuri kwenye ile trei ya kuchajia bila waya, skrini juu, anabonyeza kitufe cha kuwasha, gari linamwambia hamna ufunguo. Nikamwambia igeuze nione mgongo wake. Kumbe ana lile kava la sumaku lenye mfuko wa kadi, ndani kadi ya benki na kadi ya maktaba ya chuo. Zile kadi nazo zina chipu, zinajibu pamoja na simu gari likabaki halijui lisikilize nani. Alivyotoa kava likawaka palepale. Mlangoni lilikuwa linakubali kwa sababu pale alikuwa anagusisha kichwa cha simu kwenye kitasa na kadi ziko chini. Kwa hiyo mwambie mpwa wako kabisa, kava la kadi atoe.

Chaji nayo usimtishe sana, simu ikizima kwa kuishiwa chaji aifoni inabakiza kidogo, Apple wanasema mpaka masaa matano baadaye bado inafungua gari kwa kugusisha. Ila masaa matano si usiku kucha, akilala kwa rafiki simu imezima jioni, asubuhi anabaki nje.

Kingine, ukiuona huo ufunguo unafungua bila kuuliza uso wala namba ndo ulivyowekwa tangu mwanzo, mtu akiokota simu yake amepata na gari. Anaweza kuzima hiyo kwenye Wallet iwe inadai Face ID kila mara, mi nilimlazimisha mdogo wangu azime. Na simu ikipotea aiweke hali ya kupotea kupitia Find My, ufunguo unasimama hapo hapo simu ikipata mtandao. Na wewe usingoje, ufute upande wako pia.

Kufuta ndo nakuomba uwe makini. Mimi nilimwambia siku ya mwisho alitoe gari lile shimoni alipaki barabarani juu, ndo nikafuta. Kwa nini? Habari ya kufuta inapita kwenye mtandao mpaka ilifikie gari, na gari lililo shimoni halisikii kitu. Ukiufuta mwite kwa simu, mwambie aguse mlango mbele yako kwenye video, ukiona haufunguki ndo umemaliza. Kwenye skrini ya gari lenyewe pia kuna orodha ya funguo, ukirudi uiangalie, BMW wanaruhusu kugawia watu kadhaa na majina ya zamani yanajificha humo.

Na hili la leseni nisilisahau, hilo ndo linaniuma zaidi ya yote. Mpwa wako amekuja na leseni ya Kenya sivyo? Hapa Ujerumani inamkubalia miezi sita tu tangu ahamie, baada ya hapo ni kama hana leseni, na wewe mwenye gari ukimruhusu unashtakiwa pamoja naye. Hesabu aliingia lini, uliniambia mwezi wa tatu kama sikosei, piga hesabu na tarehe ya safari yako. Na bima pia wapigie uwaambie dereva ni nani na umri wake, simu haiwaambii, mimi nililipa nyongeza lakini nililala usingizi.

Akiwa mgeni wa hizi barabara, BMW walisema pia kuwa ufunguo wa dereva kijana unaweza kuwekewa kikomo cha mwendo na nguvu ya gari na hata sauti ya redio, liangalie kama lako lina hiyo sehemu kabla hujaondoka, tukae kwenye simu Jumamosi tuitafute pamoja, mi nitakuwa nyumbani kuanzia saa nane.

Msalimie shemeji na watoto, na mama ukimfikia Mombasa mwambie nimemmiss.

Wako wa Munich