Nafuu ya kodi ya Kenya isituchanganye huku Kigoma

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niseme kuhusu ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya wasapu, jamaa anasema mfanyakazi ana haki ya kupunguziwa kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba, bima na ada za shule, basi huku Kigoma watu wanamfuata mhasibu ofisini na risiti za ada za watoto. Mimi nimeandaa mishahara Nairobi miaka mingi kabla sijarudi Ujiji, na yule jamaa anaongelea sheria ya Kenya, tena hata ya Kenya kaichanganya.

Kule kuna nafuu mbili ambazo haziingii mahali pamoja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Riba ya mkopo wa nyumba inatolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa, bima inakuja mwishoni kabisa, inapunguza kodi yenyewe.

Chukua mtu ambaye baada ya kukatwa NSSF, mchango wa bima ya afya ya serikali wanaouita SHIF na ile ada ya nyumba za bei nafuu amebaki na shilingi za Kenya 120,000 kwa mwezi. Marejesho yake benki ni 50,000, ndani yake riba ni 42,000 na zile 8,000 ni deni la msingi. Deni la msingi halihesabiwi hata kidogo, na riba yenyewe ina kikomo, 30,000 kwa mwezi tangu mwisho wa Desemba 2024 (zamani ilikuwa 25,000), kwa hiyo zile 12,000 za juu zimepotea hivyo hivyo. Tena iwe nyumba anayoishi mwenyewe, moja tu, ya kupangisha haimo. Sasa inabaki 90,000 ya kutozwa. Kwa viwango vyao, 24,000 za mwanzo asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, iliyobaki asilimia 30, kodi inatoka kama 21,783. Hapo ndipo unatoa nafuu ya kila mtu, 2,400, inabaki 19,383.

Bima ndiyo inafuata. Tuseme analipia bima ya elimu ya mtoto 12,000 kwa mwezi. Haondoi 12,000, anapata asilimia 15 yake, yaani 1,800, na kikomo ni 5,000 kwa mwezi hata ulipie bima ya dunia nzima. Kodi yake ya mwisho ni 17,583. Akikosea akaiweka bima juu pamoja na riba, atajikuta amejipunguzia 3,600 badala ya 1,800, na wakaguzi wakipita hiyo tofauti lazima airudishe. Ukitaka kujua kama salari slipu imepigwa sawa, angalia ule mstari wa kiasi kinachotozwa kodi: ukikuta bima imeshatolewa kabla ya mstari huo basi kuna kitu hakijakaa sawa.

Na ada ya shule? Hakuna. Ukilipa ada shuleni moja kwa moja hupati hata senti, kinachotambulika ni bima ya elimu, nayo iwe ya miaka 10 au zaidi, ukiivunja njiani kampuni inakata zile nafuu zote ulizokwisha pata kwenye pesa yako na kuzipeleka serikalini. Hicho kipengele yule jamaa wa klipu hakukigusa kabisa.

Huku kwetu mfanyakazi anatolewa mchango wa pensheni kwanza, kisha 270,000 za mwanzo hazitozwi, basi, kinachobaki kinaingia kwenye viwango. Mwenye 1,500,000 anayekatwa NSSF asilimia 10 anatozwa kwenye 1,350,000, PAYE yake ni 233,000, awe na watoto sita bweni au hana hata mmoja. Kwa hiyo ndugu zangu msimgombeze mhasibu, hana pa kuziingizia hizo risiti.

Ila kama waheshimiwa wabunge wanataka kutuletea kitu cha namna hii, mimi naomba wachukue mtindo wa bima, siyo ule wa riba. Ukitoa kwenye mshahara, mwenye zaidi ya milioni anaokoa shilingi 30 kwa kila mia, mwalimu wa laki sita baada ya pensheni anaokoa 20 tu tena kwa zile elfu themanini za juu, zikiisha hizo anashuka kwenye 8, wakati ada wanalipa shule ile ile. Ukitoa kwenye kodi wote wanapata sawa. Na ya riba ya nyumba wala wasihangaike nayo sana, nani hapa Gungu au Mwanga kajenga kwa mkopo wa nyumba? Watu wanachukua mkopo wa mshahara, wananunua tofali, mabati mwakani, na viwanja vingi havina hati, benki haitakipokea kama dhamana, sasa hiyo nafuu ya riba itamfikia nani?

Msomaji wenu, Ujiji