Umelipia nafasi 50, mkaguzi anahesabu 61

Mteja wetu mmoja alituletea mkataba wa programu yake ya mauzo muda mfupi kabla ya kuuhuisha. Kampuni ilikuwa imekua haraka, naye alitaka tu kujua aongeze nafasi ngapi. Alikuwa na leseni za watumiaji 50, na kwenye mfumo tukakuta akaunti 58. Akatuambia tusiwe na wasiwasi: akaunti 9 ni za watu walioshaacha kazi, kwa hiyo waliobaki ni 49.

Tukamwomba tusome kwanza maana ya neno "mtumiaji" katika mkataba wenyewe. Iliandikwa kwamba ni kila mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia, awe anaingia au haingii. Kwa maana hiyo wale 9 bado wanahesabiwa, kwa sababu hakuna aliyefunga akaunti zao. Isitoshe, akaunti ya mapokezi ilitumiwa na watu 4 wanaopokezana zamu kwa nywila moja, na mkataba unahesabu watu. Hapo 58 ikawa 61. Ziada ni 11, yaani asilimia 22.

Kipengele cha ukaguzi ndicho kilichotutia hofu zaidi. Mwenye programu anaweza kukagua baada ya notisi ya siku 30, na ziada ikipita asilimia 5, gharama za ukaguzi zinamwangukia mteja. Nafasi za ziada hutozwa kwa bei kamili, bila lile punguzo la asilimia 30 alilopewa aliponunua, pamoja na ada ya matengenezo ya kila mwaka, asilimia 20 ya bei, kwa muda wote wa ziada. Tuseme bei kamili ya nafasi ni 100. Ziada ya 11 iliyodumu miaka miwili ni 1,100 ya leseni na 440 ya matengenezo, jumla 1,540, kabla ya kumlipa mkaguzi.

Mteja alifunga zile akaunti 9, akabaki na watumiaji 52. Nafasi mbili zilizopungua alizinunua kwa bei yake ya punguzo, 140. Deni la miaka iliyopita halikufutika kwa hilo, na tulimwambia wazi, ndiyo maana tulimshauri alitaje mwenyewe mezani wakati wa kuhuisha.

Kama notisi ya ukaguzi imeshafika, tafadhali usifute akaunti yoyote kabla ya kuzungumza na mwanasheria. Kumbukumbu za mfumo huonyesha siku na saa ya kufuta, na kosa la kusahau litaonekana kama la kuficha.

Kwenye mkataba mpya tuliomba mambo mawili: ziada itozwe kwa bei ya punguzo, na mteja apewe siku 30 za kununua upungufu kabla ya adhabu yoyote. La kwanza lilikubaliwa. La pili lilipunguzwa hadi siku 15, na sasa orodha ya akaunti inalinganishwa na orodha ya mishahara kila mwisho wa mwezi.