Hasara ya mwaka wa kwanza ni mali: usiiache ipotee kwenye ritani ya sufuri

Mwezi Juni huwa tunapokea wateja wengi ambao biashara zao zina miaka miwili au mitatu. Swali letu la kwanza kwao ni moja: mwaka ule wa kwanza ulijaza nini? Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mkate alitujibu bila wasiwasi, "Nilipiga sufuri, mwanangu. Sikupata faida, ningetangaza nini?" Kumbe mwaka ule alikuwa amenunua tanuri, amelipa wafanyakazi na kodi ya jengo, na mauzo yake hayakufikia gharama. Hiyo haikuwa sufuri. Ilikuwa hasara, na sheria ya Kenya ingemruhusu kuipunguza kwenye faida ya miaka iliyofuata. Ritani ya sufuri inaiambia KRA kwamba hapakuwa na mauzo wala gharama, kwa hiyo hakuna cha kusogeza mbele.

Hasara inayosogezwa mbele si ile iliyoandikwa chini ya hesabu za biashara yako. Ni hasara ya kiushuru, na mara nyingi namba hizi mbili hutofautiana sana. Hebu tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme kampuni ya mkate inaanza Januari 2026. Mwisho wa mwaka hesabu zake zinaonyesha hasara ya shilingi 1,150,000. Ndani yake mna uchakavu wa mashine wa 300,000, karo ya mtoto wa mwenye kampuni ya 90,000, na unga wa 160,000 ulionunuliwa kwa risiti za mkono. Zote tatu zinaondolewa kwenye gharama. Uchakavu wa vitabuni hautambuliwi na ushuru, karo si gharama ya biashara, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa zile chache ambazo sheria imezisamehe. Hasara inashuka hadi 600,000.

Badala ya uchakavu, sheria inatoa punguzo lake yenyewe la uwekezaji. Mashine za kutengenezea bidhaa hupunguziwa nusu ya bei mwaka wa kwanza zinapotumika, na nusu iliyobaki hugawanywa kwa miaka minne sawasawa. Tanuri na mashine ya kukandia za 1,200,000 zinaleta 600,000. Rafu na meza za 200,000 zinapata asilimia 10, yaani 20,000. Hasara ya kiushuru ya 2026 sasa ni 1,220,000, kubwa kuliko ile ya vitabuni. Aliyepeleka namba ya vitabuni moja kwa moja angejipunja 70,000, na bado angekutwa na gharama tatu asizoweza kuzitetea.

Mwaka 2027 kampuni inapata hasara nyingine ya kiushuru ya 300,000. Sasa ina 1,520,000 mkononi. Mwaka 2028 inapata faida ya 500,000. Tunaanza na hasara kongwe, kwa hiyo faida hiyo yote inafutwa na hasara ya 2026, ambayo inabaki 720,000. Mwaka 2029 faida ni 900,000: inamaliza zile 720,000 na kula 180,000 za 2027. Miaka yote miwili ushuru ni sufuri. Mwaka 2030 faida inafika 1,400,000, tunatoa 120,000 za mwisho, na ushuru wa asilimia 30 unatozwa kwenye 1,280,000, yaani shilingi 384,000. Kwa jumla hasara zile mbili zimeiokolea kampuni 456,000. Kwa kiwanda cha ukubwa huo, hizo ni pesa za tanuri la pili dogo, au mishahara ya miezi kadhaa.

Lakini muda unahesabiwa. Kuanzia 2021 hadi katikati ya 2025 hasara ilikuwa haina ukomo wa miaka. Sheria ya Fedha ya 2025 iliurudisha ukomo: hasara inatumika katika miaka 5 inayofuata mwaka ilipotokea. Ile ya 2026 mwaka wake wa mwisho ni 2031. Kama kampuni yetu ingekua polepole, ikapata jumla ya faida ya 800,000 tu kuanzia 2028 hadi 2031, shilingi 420,000 za hasara ya 2026 zingekufa. Ndiyo sababu tunaandika kila mwaka wa hasara kwenye mstari wake, na pembeni mwaka wake wa kufa. Jumla moja isiyo na tarehe haikuonyeshi kipi kinakaribia kupotea.

Kuna jambo linalotuumiza zaidi, kwa sababu huamuliwa mapema kabla mtu hajamwona mhasibu. Biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye ushuru wa mauzo, ile TOT ya asilimia 3 inayolipwa kila mwezi. TOT hutozwa kwenye mauzo yote. Haijui gharama, haijui tanuri, na haijui hasara. Kama kampuni yetu ya mkate iliuza 4,200,000 mwaka 2026 ikiwa huko, ingelipa 126,000 katika mwaka wa hasara, na zile 1,220,000 zisingeandikwa popote. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba umechagua ushuru wa kawaida wa mapato. Kwa duka la jumla lenye faida nzuri na karatasi chache, TOT inaweza kufaa. Kwa anayenunua mashine na kutarajia mwaka au miwili ya hasara, sisi tunamshauri aandike barua hiyo kabla ya kuanza kuuza.

Hasara pia haihami ovyo. Sheria hutenganisha vyanzo vya mapato: kilimo na ufugaji ni chanzo kimoja, kodi ya nyumba ni kingine, biashara ya kawaida ni kingine. Ng'ombe wako wa maziwa wakikutia hasara, hasara hiyo husubiri faida ya shamba. Haiwezi kupunguza faida ya mkate hata kama mfuko ni mmoja. Vilevile hasara ni ya mtu aliyeipata. Ukianza kwa jina lako, ukapata hasara miaka miwili, kisha ukasajili kampuni, kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria na inaanza bila kitu. Tumewahi kumshauri kijana wa karakana asubiri mwaka mmoja kabla ya kusajili, amalize kwanza hasara yake dhidi ya faida iliyokuwa imeanza kuonekana.

Mama wa mkate hakuwa amechelewa. Ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5, na yeye alikuwa na ankara za tanuri, taarifa za benki na daftari la mishahara. Kama nawe ulipiga sufuri, tuletee hizo, pamoja na barua yoyote uliyopata kuhusu TOT. Na usichome karatasi za mwaka wa hasara eti miaka 5 imepita. Hasara ya 2026 ikitumika kwenye ritani ya 2031, ritani hiyo itajazwa kufikia 30 Juni 2032, na afisa akiuliza hasara ilitoka wapi, ankara ya tanuri ya 2026 ndiyo itakayojibu.